Kujisajili kwa kisoma skrini: tovuti au app, na ukikwama ushike njia ipi

Huduma nyingi tunazojisajili Uganda siku hizi zina milango miwili: tovuti na app. Anayeona hupitia ule ulio karibu. Anayetumia kisoma skrini, kama NVDA kwenye kompyuta au TalkBack kwenye simu, ni heri ajue kwanza kinachomsubiri, maana kila mlango una kizuizi chake. Kwenye tovuti ni kapcha, lile jaribio la kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Kwenye app ni vitufe visivyo na jina: unatelezesha kidole, TalkBack inatamka "Unlabeled, button", nawe hujui kama hicho ni cha kuendelea au cha kufuta kila ulichoandika.

Mimi nasema hivi: milango yote miwili ikiwapo, jaribu app kwanza. Kitufe kisicho na jina kinakera, lakini ukikigusa kinaitika, na kuna njia kadhaa za kukitambua. Kapcha ya picha isiyo na sauti haikupi hata pa kuanzia. Isitoshe, app nyingi hazina kapcha kabisa. Hutosheka kukutumia msimbo kwa SMS. Ninatoa ruhusa ya kuvunja kanuni hii pale fomu inapokuwa ndefu, kwa mfano maombi ya kazi yenye kuambatisha barua na vyeti. Hiyo ifanyie kwenye kompyuta, hata kama kapcha inakungoja mwishoni.

Mlango wa app: vitufe vilivyonyamaza

Jambo la kwanza kujaribu ni kutokikanyaga kitufe chenyewe. Ukimaliza kuandika kwenye sehemu ya mwisho ya fomu, tafuta kitufe cha kona ya chini kulia ya kibodi ya simu. TalkBack itakisoma "Next", "Done" au "Go". Kwenye app nyingi kitufe hicho hufanya kazi ileile ya kitufe cha kuendelea kilichoko kwenye skrini, tena chenyewe kina jina kwa sababu kimetoka kwa watengenezaji wa kibodi, si wa app.

Kama kibodi haikusaidii, mahali kitufe kilipo patakwambia mengi. Kitufe kisicho na jina kilichoganda ubavuni mwa nenosiri, karibu kila mara ni kile cha kuonyesha au kuficha herufi. Kiguse mara mbili kisha rudi kwenye nenosiri: kama sasa TalkBack inasoma herufi badala ya nukta, umekipata, kiguse tena uzifiche. Kilicho juu kabisa kushoto ni cha kurudi nyuma. Usikiguse fomu ikiwa imejaa. Kilicho kando ya namba ya simu hufungua orodha ya nchi, na humo ndimo utachagua +256. Cha mwisho kabisa, baada ya kisanduku cha kukubali masharti, ndicho cha kutuma.

Ukishakitambua, kipe jina ili kesho usianze upya. Weka kidole juu yake, telezesha chini kisha kulia bila kuinua kidole, na menyu ya TalkBack itafunguka. Tafuta "Add label", andika jina, hifadhi. Kwenye iPhone, VoiceOver hufanya hivyo ukigusa mara mbili kwa vidole viwili na kuvishikilia. Jina hilo linabaki kwenye simu yako tu. Likija toleo jipya la app linaweza kupotea, na kuna vitufe ambavyo havikubali jina hata ukibembeleza, kwa sababu mtengenezaji hakuvipa kitambulisho chochote cha ndani ambacho TalkBack ingekishikilia. Kwa usajili unaofanywa mara moja tu wala usijisumbue na lebo. Zinalipa pale app utakayoifungua kila siku.

App ina kikwazo kimoja ambacho mbinu hizi hazikigusi: kupiga picha ya kitambulisho cha taifa na ya uso. Ukifika hapo kamera inataka kadi ikae ndani ya fremu, na app chache ndizo zinazosema kwa sauti "sogeza kushoto". Kadi iweke juu ya meza yenye rangi tofauti nayo, simu iweke juu ya kadi kabisa, kisha iinue polepole ikiwa sambamba na meza. Ikigoma baada ya hapo, itisha macho ya mtu. Ni kazi ya sekunde chache kwake.

Mlango wa tovuti: jua kwanza kapcha ni ya nani

Watu husema "kapcha imenikatalia" kana kwamba ni moja. Ziko za kampuni mbalimbali, na dawa ya hii haiponyi ile. Bahati nzuri NVDA hukutajia alama zake ukisogea juu ya kisanduku kwa mishale.

Ukisikia "I'm not a robot", hiyo ni reCAPTCHA ya Google. Ukisikia "I am human" pamoja na neno hCaptcha, ni nyingine kabisa. Ukisikia "Verify you are human", mara nyingi ni Turnstile ya Cloudflare, iliyotoka 2022. Hii ya mwisho ndiyo rafiki zaidi: haina picha wala sauti, inakipima kivinjari chako chenyewe, na ikikataa tatizo kwa kawaida ni kivinjari cha zamani au VPN. Sasisha Chrome au Firefox, zima VPN, jaribu tena.

Kwa hCaptcha usipoteze muda kutafuta kitufe cha sauti. Njia yake ni nyingine: unakwenda kwenye hcaptcha.com/accessibility, unaandika barua pepe yako, unatumiwa kiungo, na ukikifungua unabonyeza kitufe cha kuweka kuki kwenye kivinjari. Ukirudi kwenye tovuti uliyotaka, kisanduku kinakupitisha bila picha. Masharti ni mawili. Kivinjari kiwe kinaruhusu kuki za tovuti nyingine, na usiwe kwenye dirisha la faragha. Kuki hiyo pia huisha muda, kwa hiyo ikiacha kufanya kazi unarudi kuichukua upya. Ni njia ya mzunguko, lakini kwa kiziwi asiyeona, anayesoma kwa breli, ni bora kuliko reCAPTCHA, ambayo njia yake mbadala ni sauti tu.

Kapcha za kuburuta kipande cha picha hadi pengo lake, na zile za kizamani za herufi zilizopindapinda zisizo na kitufe cha sauti, ziache mara moja. Tafuta app, tafuta "Continue with Google", au nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya kuomba macho ya mtu. Herufi za kizamani zina mwanya mmoja: zingine si picha bali ni hesabu ya maandishi kama 3 + 4, kwa hiyo pitisha mishale juu yake kabla hujakata tamaa.

Hicho kitufe cha "Continue with Google" kinastahili neno. Kwa kuwa Google tayari inakujua, tovuti nyingi hazikuulizi kapcha ukipitia hapo, wala huundi nenosiri jipya. Kama simu yako ni ya Android, akaunti unayo tayari. Gharama yake ni kwamba umefunga milango mingi kwa ufunguo mmoja. Ukipoteza simu na laini pamoja, na hukuandika njia ya kurejesha akaunti, umepoteza vyote. Mimi hukitumia kwa tovuti za kazi na za kujifunzia. Kwa chochote kinachogusa pesa natumia namba ya simu na nenosiri lake.

Sauti ya reCAPTCHA, na VPN inayoiua

Hii ndiyo utakayokutana nayo zaidi, na ndiyo yenye njia inayofanya kazi mara nyingi, mradi uifuate kwa mpangilio.

Ukiweka alama kwenye "I'm not a robot" kwa kitufe cha nafasi, wakati mwingine hupita hapo hapo. Kivinjari ambacho umeshaingia kwa akaunti ya Google, na chenye historia ya kawaida, hupita kwa urahisi zaidi kuliko dirisha la faragha lisilo na kuki. Isipopita, linafunguka dirisha dogo la picha. Bonyeza herufi B kuruka kitufe hadi kitufe, mpaka usikie "Get an audio challenge". Ukikibonyeza utapata kitufe cha kucheza na sehemu ya kuandika ulichosikia. Tovuti zetu nyingi ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo na sauti ni ya Kiingereza: vipande vifupi vya maneno, na kelele nyuma yake. Usihangaike na herufi kubwa wala alama za uandishi.

Tatizo la kwanza ni NVDA kuongea juu ya sauti hiyo. Bonyeza Ctrl kuinyamazisha, na kabla ya kuanza bonyeza NVDA+2 ili isitamke kila herufi unayoandika. Ukimaliza, NVDA+2 tena mpaka hali irudi ulivyozoea.

Tatizo la pili ndilo la kwetu hasa. Badala ya sauti unasomewa "Try again later", na maelezo kwamba kompyuta au mtandao wako huenda unatuma maombi ya kiotomatiki. Wengi hudhani wamekosea kuandika. La. Google imeona anwani ya mtandao ambayo watu wengi wanaitumia kwa wakati mmoja, kama zilivyo za VPN, ikakunyima sauti. Na Uganda VPN si kitu cha wataalamu: ilienea Julai 2018 serikali ilipoanza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia mitandao ya kijamii, na Facebook ilipofungwa Januari 2021 watu wakaendelea kuiwasha asubuhi na kuisahau. Ajabu yake ni kwamba mwenye kuona habanwi sana. VPN ikiwa imewashwa yeye anapewa picha nyingi zaidi, anazibofya, anapita. Anayetegemea sauti ndiye anayefungiwa kabisa.

Zima VPN kwanza, ikiwemo ile iliyowekwa kama kiongezi ndani ya kivinjari, ambayo watu huisahau zaidi. Ikiendelea kukataa, jua kwamba hata mitandao ya simu huwachanganya wateja wengi nyuma ya anwani moja. Weka simu kwenye hali ya ndege kwa nusu dakika, itoe, uunganishe tena. Mara nyingi unapewa anwani nyingine. Kama una laini mbili, badilisha mtandao. Kungoja tu bila kubadilisha chochote ndiyo njia dhaifu kuliko zote.

Mfano mmoja, mwanzo hadi mwisho

Chukua mwalimu asiyeona wa Busia anayejisajili kwenye tovuti ya ajira. Ana laptopu ya Windows 10, NVDA, Chrome, na intaneti anaipata kwa hotspoti ya simu yake. Fomu inataka jina, barua pepe, simu, tarehe ya kuzaliwa, nenosiri, kukubali masharti, kisha kapcha.

Kabla ya kugusa fomu anaandika taarifa zake zote kwenye Notepad, isipokuwa nenosiri. Si woga. Kapcha ikikataa atalazimika kupakia ukurasa upya, na fomu itarudi tupu. Ndivyo pia anavyoiacha kapcha iwe ya mwisho kabisa, kwa kuwa uthibitisho wa reCAPTCHA hudumu dakika 2 tu; ukiuweka mapema kisha ukahangaika na tarehe, unasomewa kwamba umeisha na kisanduku kinarudi kuwa kitupu.

Tarehe inamletea kalenda yenye vitufe vya mishale visivyo na majina. Anaiacha, anarudi kwenye sehemu yenyewe na kuiandika kwa tarakimu. Kalenda nyingi hukubali. Baada ya nenosiri anasikia "button" tupu, anajua ni cha kuonyesha herufi, anakiruka. Kisanduku cha masharti NVDA inakisoma "clickable" badala ya kisanduku, yaani mtengenezaji amechora kitu kinachofanana na kisanduku bila kukitangaza. Kitufe cha nafasi hakifanyi kitu, Enter haifanyi kitu. Hapo anatumia panya wa kuazima: kwa mpangilio wa laptopu, NVDA+Shift+M huleta kishale cha panya mahali alipo, na NVDA+[ hubofya. Kinakubali, ingawa hakuna kinachosomwa. Atajua kilikubali fomu itakapopita.

Sasa kapcha. Anaweka alama, anatafuta sauti, anapata "Try again later". Simu yake ina VPN, lakini kwa kawaida VPN ya Android haivuki kwenda kwenye hotspoti, kwa hiyo mkosaji si huyo. Anakagua Chrome na kukuta kiongezi cha VPN kimewashwa. Anakizima, anapakia ukurasa upya, ananakili taarifa kutoka Notepad. Safari hii sauti inakuja. Jibu la kwanza anaambiwa ni sahihi lakini asuluhishe nyingine, "Multiple correct solutions required". Anasuluhisha, kisanduku kinasomwa "checked".

Kitufe cha kutuma nacho hakina jina. Ndicho cha mwisho kwenye fomu, anakibonyeza. Kimya. Ukurasa haukubadilika. Kimya hiki huwavunja watu moyo kuliko kapcha, maana fomu imeandika kosa kwa rangi nyekundu bila kulitangaza kwa kisoma skrini. Anabonyeza NVDA+Ctrl+F na kutafuta "invalid", kisha "required". Anakutana na sentensi inayosema namba ya simu si sahihi: amechagua +256 na bado akaibakiza sifuri ya mwanzo. Anaitoa na kutuma tena kabla dakika 2 hazijaisha. Ukurasa unabadilika, na barua pepe ya uthibitisho inafika.

Angekuwa na app ya tovuti hiyo, kapcha huenda asingekutana nayo, ila kuandika wasifu wa kazi kwenye kibodi ya simu kungemla jioni nzima.

Ukiishiwa, macho ya nani?

Wako watu wa aina tatu, na kila mmoja ana bei yake.

Mhudumu wa kafe ya intaneti ndiye wa haraka, na ndiye ninayemshauri mtu kidogo zaidi. Si kwamba ni wezi. Mazoea yao ni kukamilisha kazi, na fomu ikidai namba ya simu wengine huweka yao ili msimbo ufike upesi, au hufungua barua pepe mpya wasiyokuandikia nenosiri lake. Miezi baadaye unataka kurejesha akaunti, msimbo unakwenda kwa mtu usiyemkumbuka. Ukienda kwake, nenda na fomu iliyojazwa tayari kwenye laptopu yako, naye aguse kapcha tu.

Be My Eyes, app ya bure iliyoanza 2015, hukuunganisha kwa simu ya video na mtu wa kujitolea. Hakujui na hana hamu na akaunti yako, lakini wewe pia humjui, kwa hiyo nenosiri na kitambulisho visiwe kwenye skrini anapoangalia. Inakula bando kuliko simu ya kawaida. Na kuna jambo dogo linaloharibu simu nyingi za namna hii: skrini yako imezimwa. Wengi wetu huwasha pazia la skrini la NVDA kulinda faragha au hushusha mwanga kutunza betri, kisha mtu wa watu anatazama weusi mtupu. NVDA+Ctrl+Escape huliondoa pazia. Mwanga uongeze kabla hujapiga.

Ndugu au rafiki unayemwamini, aliye mbali, anaweza kuona skrini yako kwa simu ya video ya WhatsApp yenye kushiriki skrini, au kuishika kompyuta yako kwa Quick Assist iliyomo ndani ya Windows. Quick Assist ni bora kwa kapcha kwa sababu yeye mwenyewe anabofya picha. WhatsApp inafaa kwa kitufe kisicho na jina, pale unapohitaji tu kuambiwa "hicho cha pili kutoka chini". Wakati wa kushiriki skrini msimbo wa SMS ukiingia atausoma, kwa hiyo maliza simu kwanza ndipo uuombe.

Kumwandikia mwenye tovuti

Hii haikufunguli mlango leo, ila kwa huduma usiyoweza kuikwepa inafaa kufanywa siku hiyo hiyo ya kukwama, kumbukumbu ikiwa mbichi. "Tovuti yenu haifai kwa wasioona" haimsaidii fundi. Andika anwani ya ukurasa, hatua uliyofikia, kisoma skrini na kivinjari, maneno yaliyotamkwa, na kilichotarajiwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 inakataza ubaguzi katika kutoa huduma, na kuitaja kwa sentensi moja hufanya barua isogezwe kutoka meza ya wateja kwenda kwa mwenye uamuzi. Omba pia wakusajili kwa simu au ofisini wakati wanatengeneza.

Kwa vitufe, mpe fundi jibu lenyewe, maana ni mstari mmoja:

```html
<button aria-label="Endelea">
```

Kwa kapcha, mwombe abadilishe kwenda ile isiyo na mafumbo, au athibitishe watu kwa msimbo wa SMS au barua pepe. Akikujibu kwamba ameshaweka kitufe cha sauti, mwulize kama amewahi kukijaribu VPN ikiwa imewashwa.